Kazi imeisha, kredi bado: barua niliyoipeleka ajansi Lubumbashi

Kredi yangu ilikuwa ya dola 2,400 kwa miezi 24. Kila tarehe 5 nililipa dola 100 za deni la msingi, na juu yake riba ya asilimia 2 ya deni lililobaki. Kazi ilipoisha, tarehe 30 Juni 2025, nilikuwa nimelipa mara tisa. Sosiete niliyofanyia kazi ya umeme ilihudumia migodi, na tangu serikali isimamishe usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, Februari mwaka huo, mikataba ilikuwa inapungua mwezi baada ya mwezi.

Kabla ya kushika kalamu kuomba marejesho yapangwe upya nilifanya jambo moja, na nadhani ndilo lililoiokoa barua. Malipo ya mwisho wa kazi yalikuwa dola 620. Nikatoa 130 humo, nikalipa tarehe 5 Julai kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Mwenye kredi anahesabu siku. Deni likichelewa zaidi ya siku 30, linaingia kwenye kundi la mikopo iliyo hatarini, na ajansi inaanza kuulizwa na wakubwa wake. Ukiomba ukiwa hujachelewa hata siku moja, jeran, mkuu wa ajansi, ana nafasi ya kukusaidia bila kujitetea. Ukiomba siku ya arobaini, ombi lako tayari ni faili la watu wa kudai madeni, na faini za kuchelewa zimeshaanza kula kile ambacho ungelipa.

Nilisoma mkataba tena. Nilitafuta mambo mawili tu. La kwanza ni bima: wengi tunaamini ile pesa ya bima tuliyokatwa siku ya kupokea kredi inatulinda kazi ikipotea. Yangu ilifunika kifo pekee. La pili ni konti ya mshahara. Mkataba ulimruhusu mkopeshaji kujikatia mwenyewe pesa yoyote inayoingia kwenye konti ile pindi deni likichelewa. Kwa hiyo mtu anayechelewa huku malipo yake ya mwisho yamelala kwenye konti anaweza kukuta yamekwenda yote kabla barua haijasomwa.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Iliomba huruma kwa ukurasa mzima, ikaeleza habari ya kobalti ambayo ajansi inaisikia kutwa, kisha ikaomba miezi sita bila kulipa chochote. Nilimwonyesha ajenti wa kredi kabla ya kuipeleka. Akaisoma hadi mwisho, akasema, "Papa, hii barua inalia vizuri, lakini haisemi utalipa nini."

Kisha akanionyesha hesabu. Deni lililobaki ni dola 1,400, riba yake ya mwezi ni 28. Miezi sita ya kimya ni dola 168 za riba ambayo haikulipwa, na riba hiyo lazima iende mahali fulani: mara nyingi inaongezwa juu ya deni, nayo inaanza kuzaa riba. Afadhali kulipa riba peke yake kila mwezi. Deni halipungui, lakini halinenepi, na kwenye kompyuta ya ajansi wewe ni mtu anayelipa.

Sasa ilibaki kujua naweza kulipa kiasi gani kweli. Mke wangu anauza unga na kapenta, faida yake ni kama dola 120 kwa mwezi. Mimi nilikuwa napata kama 90 kwa vikazi vya umeme mitaani. Jumla 210. Kodi ya nyumba, bukari na mboga, shule, maji, umeme na usafiri vilichukua 175. Kinabaki 35. Pesa ya sokoni inaingia kwa franka lakini kredi ni ya dola, kwa hiyo niliandika pembeni bei ya kubadilisha niliyotumia siku hiyo, ili anayesoma asidhani nimeivuta hesabu upande wangu. Nilikuwa pia na ahadi ya maandishi ya kutunza mota za pampu kwa dola 90 kwa mwezi, kuanzia Novemba. Hapo ndipo ombi lilipopata umbo: 28 naweza sasa hivi, na kuanzia Novemba naweza kama 100.

Barua yenyewe ilikwenda kwa Kifaransa, kwa sababu mkataba wa kredi uliandikwa kwa Kifaransa na kamati ya kredi ya ajansi inasoma hivyo. Kwa Kiswahili inasema hivi:

*Lubumbashi, tarehe 14 Julai 2025*

*Kwa Bwana Jeran wa Ajansi*

*Kuhusu: ombi la kupangiwa upya marejesho ya kredi nambari …*

*Bwana Jeran,*

*Nina kredi ya dola 2,400 kwenye ajansi yenu. Marejesho kumi ya kwanza, pamoja na lile la tarehe 5 Julai 2025, yamelipwa kwa tarehe zake. Deni la msingi lililobaki ni dola 1,400.*

*Mkataba wangu wa kazi ulikatishwa tarehe 30 Juni 2025, kama inavyoonyesha barua ya mwajiri niliyoambatisha. Tangu siku hiyo mshahara haupiti tena kwenye konti yangu.*

*Mapato ya nyumba yangu kwa sasa ni takriban dola 210 kwa mwezi, na matumizi ya lazima ni 175. Sitaweza kufikisha dola 128 zinazotakiwa tarehe 5 Agosti, lakini naweza kulipa riba yote ya mwezi.*

*Kwa heshima naomba nilipe riba peke yake, dola 28, kwa miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba. Kuanzia tarehe 5 Novemba naomba deni la dola 1,400 ligawanywe kwa miezi 20, yaani dola 70 kila mwezi pamoja na riba ya deni lililobaki. Rejesho la kwanza litakuwa dola 98. Kazi itakayoniwezesha kulilipa inaanza mwezi huo, na karatasi yake imo humu.*

*Nitalipa mwenyewe kwenye kaunta kabla ya tarehe 5. Mdhamini wangu amelisoma ombi hili na ametia sahihi chini ya sahihi yangu.*

*Niko tayari kufika ajansi siku mtakayoniita. Pokea, Bwana Jeran, salamu zangu za heshima.*

Chini yake jina, sahihi, nambari ya simu, kisha orodha ya karatasi: barua ya mwajiri, cheti cha mwisho wa kazi, kopi ya kadi ya mpiga kura, risiti ya Julai, ukurasa mmoja wa mapato na matumizi, na karatasi ya kazi ya pampu. Barua yote ni ukurasa mmoja. Malalamiko juu ya sosiete hayamo, kwa sababu mkopeshaji hawezi kuyafanyia chochote.

Sahihi ya mdhamini si ya heshima tu. Kwa sheria ya OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika ambayo Kongo inaifuata tangu 2012, mkopeshaji akimwongezea mdaiwa muda anapaswa kumjulisha mdhamini, naye ana haki ya kuukataa muda huo na kumfuata mdaiwa alipe au atoe dhamana. Kama mdhamini ni shemeji yako, kama wangu, bora alisikie kwako, mmekaa nyumbani kwake, kuliko kwenye simu ya ajansi. Aliniuliza swali moja tu: "Deni litaongezeka?" Lilikuwa swali sahihi, na nilikuwa sijalihesabu.

Nikalihesabu hapo hapo. Kwa ratiba ya zamani, riba iliyobaki kwa miezi 14 ilikuwa dola 210. Kwa ratiba niliyoomba, ni 84 za ile miezi mitatu na 294 za ile miezi 20, jumla 378. Yaani kupumua kule kunagharimu dola 168. Anayeomba miezi 36 ili rejesho liwe jepesi zaidi analipa mengi zaidi ya hapo. Ndiyo sababu sikuomba muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Nilipeleka nakala mbili. Moja ilibaki sekretarieti, ya pili nikarudi nayo ikiwa na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Msichana wa mapokezi alitaka kuichukua tu na kunihakikishia kuwa itafika. Nilisimama mpaka muhuri ulipopatikana. Bila nakala hiyo huna la kuonyesha siku mtu atakaposema hukuwahi kuandika.

Tarehe 5 Agosti ilifika kamati haijajibu. Hapa wengi hukosea: wanaona barua imepokelewa, basi wanasubiri. Barua iliyopokelewa haijabadilisha mkataba, na ratiba ya zamani inaendelea kuhesabu. Hata ajenti akikuambia kwa mdomo "hakuna shida", kompyuta haikumsikia. Nilikwenda kaunta na dola zangu 28, nikaandika kwenye karatasi ya malipo kuwa ni riba ya Agosti, nikaambatisha kopi ya barua yenye muhuri.

Jibu lilikuja tarehe 7. Kamati ilikubali miezi miwili ya riba peke yake badala ya mitatu, na miezi 20 kama nilivyoomba. Rejesho la dola 98 kwa hiyo lingeanza Oktoba, mwezi mmoja kabla ya kazi ya pampu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa bado na akiba kutoka zile 490 zilizobaki za malipo ya mwisho. Nyongeza ya riba ikashuka kutoka 168 hadi 140.

Waliniita kusaini nyongeza ya mkataba, na ratiba mpya ikiwa nyuma yake. Nusura nisaini bila kuangalia. Mstari wa kwanza wa ratiba uliandika deni la dola 1,428, si 1,400. Tofauti ya 28 ilikuwa riba ya Agosti, ile niliyoilipa. Mtu wa kaunta alikuwa ameiweka kwenye konti yangu ya akiba, kwa sababu karatasi ya malipo ilikuwa na nambari ya konti hiyo na si nambari ya kredi. Pesa ilikuwa ndani ya nyumba yao, ila kwenye chumba kingine, na mfumo ukaona riba haikulipwa ukaiongeza kwenye deni. Kama ningesaini, rejesho la kwanza lingekuwa 99 na senti 96 badala ya 98, na dola 28 zangu zingezaa riba miezi 20.

Nilitoa risiti. Wakaihamisha pesa kwenye kredi, wakachapa ratiba upya, na siku mbili baadaye tukasaini watu watatu: jeran, mimi na shemeji. Tangu hapo nambari ya kredi nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari la malipo, na kaunta naionyesha kabla ya kutoa pesa.