Ruta bila inveta: jinsi nilivyolinganisha volti za betri na za vifaa vyangu

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinikuta nikifanya kazi nyumbani, Mbagala. Sola ndogo nilikuwa nayo tayari: paneli ya wati 50, kontrola, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20. Mwanzoni ruta na kisanduku cha faiba nilivichomeka kwenye inveta kwa adapta zake za ukutani. Vilifanya kazi vizuri, ila betri ilikuwa inaisha kabla umeme haujarudi.

Nilichukua multimita, nikaiweka kwenye njia ya waya wa chanya kutoka betri. Betri ikiwa na volti 12.4, inveta ilivuta ampea 1.8, yaani kama wati 22, ilhali vifaa vyenyewe vinakula wati 11. Nusu nzima ilipotea: inveta ndogo hula umeme wake hata ikiwa haina mzigo, halafu inapandisha volti hadi 230, na adapta inazishusha tena. Nikaamua kuiondoa inveta katikati.

Hapo ndipo suala la volti lilipoanza, kwa sababu nina vifaa viwili. Kisanduku cha faiba adapta yake imeandikwa 12V 1A, na ruta imeandikwa 9V 0.85A. Mstari wa kusoma ni wa umeme unaotoka kwenye adapta, si ule wa 100-240V unaoingia. Volti lazima zilingane. Ampea ni kiwango cha juu tu: chanzo kikiwa na uwezo wa ampea 3 hakiiumizi ruta, itavuta inachohitaji.

Wengi wanaunga kifaa cha volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, wakiamini namba ni zilezile. Lakini betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7. Jua likiwa kali na kontrola inachaji, hupanda hadi 14.4. Usiku hushuka kuelekea 11.8. Kuna ruta zinazovumilia mabadiliko hayo na kuna zisizovumilia, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Sikutaka kubahatisha.

Kwa ruta ya volti 9 nilinunua Kariakoo kile kibao kidogo cha kushusha volti chenye chipu ya LM2596. Kinahitaji volti zinazoingia ziwe juu ya zinazotoka, tuseme kwa volti mbili hivi. Betri ikifika hata 11.8 bado nafasi ipo, kwa hiyo ni cha bei ndogo na kinatosha. Kwa kisanduku cha volti 12 kibao hichohicho hakifai kabisa: ukikipa 12.4 kitatoa 11 au chini, na kifaa kitaanza kujizima na kujiwasha. Hapo panahitajika kigeuzi kinachopandisha na kushusha, ambacho hutoa 12 iwe betri iko 14 au 11.5.

Vyote viwili nilivirekebisha kabla ya kuunga kifaa chochote. Unakiunga kwenye betri, unapima panapotokea, unazungusha skrubu ndogo taratibu hadi usome volti unazotaka, kisha unadondoshea rangi ya kucha isije ikasogea. Halafu pini: mchoro wa duara kwenye adapta unaonyesha kama chanya iko katikati, na ncha inayofanana inaweza kuwa na tundu la milimita 2.1 au 2.5. Nilihakikisha kwa multimita kwenye ncha yenyewe. Fyuzi ya ampea 3 niliiweka kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, na vigeuzi nikaviweka karibu na vifaa ili volti zinazopotea kwenye waya mrefu zipotee kabla ya kurekebishwa.

Sasa betri inatoa ampea 1 tu, kama wati 12. Betri ina wati-saa 240, nami naitumia nusu ili idumu, basi 120 zinanipa takribani saa kumi. Kwa inveta zingekuwa tano na nusu.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kigeuzi huficha uchovu wa betri: ruta inaendelea kuwaka vizuri huku betri ikizama. Kontrola nyingi hukata mzigo karibu na volti 11, na kwa betri ya asidi huko ni chini mno. Yangu inaruhusu kubadilisha, nimeiweka ikate kwenye 12.0.

Taa zote zikizima na kuwaka upya, napima volti kwenye ncha ya waya. Zikiwaka vizuri ila taa ya LOS ya kisanduku cha faiba ikawa nyekundu, tatizo liko kwenye laini ya faiba, na betri yangu haiwezi kulitatua.