Mti ugeuke, benchi libaki benchi

Shemeji yangu anafundisha jiografia kidato cha kwanza, akaniambia bwana nitengenezee kavideo ka mti ukipita majira manne, hawa watoto hawajawahi kuona theluji na picha za kitabuni zimefifia. Nikaona hiyo kazi ya dakika kumi, AI ya video ninayo kwenye simu. Tukachagua mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na chini yake benchi la mbao lenye miguu miwili ya chuma ili darasa lione ukubwa wa mti.

Jaribio la kwanza nikaandika sentensi moja tu, mti unabadilika kupita majira manne, klipu ya sekunde 5. Mti ukabadilika kweli, tatizo na kila kitu kingine kikabadilika. Theluji ikafunika benchi, ilipoyeyuka likatokea sanduku. Shina lililokuwa na panda mbili likawa moja, nyumba ya nyuma ikaongezeka dirisha. Sasa hapo ndo nikaanza kuelewa kuwa kuna kugeuka ninakokuagiza mimi na kuna kugeuka ambako mashine inajifanyia yenyewe, na nikiandika "badilika" bila kusema nini kibadilike basi nimeipa ruhusa kwenye picha nzima.

Ile ya benchi ilinisumbua zaidi kwa sababu chanzo chake ni mabadiliko niliyoyataka mwenyewe. Mashine haiweki kumbukumbu kwamba chini ya theluji kuna benchi la mbao, inachojua ni kinachoonekana, kitu kikishafunikwa muda kinarudi kwa kubahatisha. Nikaandika benchi lisigeuke, wapi, likageuka vilevile, wakati mwingine kukitaja kitu ndo kama unakiita. Kilichosaidia ni kuelezea benchi lilivyo, kamera isitembee kabisa, na kila klipu ibebe badiliko moja tu.

Nikaachana na klipu moja nikatengeneza picha nne kwanza. Hapa nilikosea tena, nilianza na mti wenye majani tele halafu nikaagiza majani yaondolewe, matawi yakatoka mapya kabisa kila mara, maana yalikuwa yamefichwa na majani na haikujua yamekaaje. Nikageuza, nikaanza na mti mtupu usio na jani wala theluji, kila tawi linaonekana, hiyo ndo picha mama. Kutoka hiyo hiyo nikatoa ya machipukizi, ya majani mabichi, ya majani mekundu na ya theluji, na kila moja niliitoa kwenye picha mama, sio kwenye iliyotangulia, kwa sababu ukihariri juu ya iliyohaririwa makosa yanajumlishana mpaka benchi linapinda.

Halafu nikaipa mashine picha ya kuanzia na ya kumalizia kwa kila kipande, sekunde 5 kila kimoja. Kipande cha theluji kuyeyuka kinaishia kwenye picha mama, kwahiyo benchi lazima lirudi lilelile, halina pa kukimbilia. Prompti ya kipande cha majani kupukutika ilikuwa hivi:

```
Static camera, time-lapse. Red maple leaves
loosen and fall to the grass until the branches
are bare. Wooden bench with two iron legs and
the house stay exactly the same.
```

Ona nimesema majani yanalegea na kuanguka, sijasema mti unaingia majira ya baridi. Mwanzo niliandika hivyo na nikapata kitu kinaonekana kizuri ukikitazama haraka, ila ukisimamisha katikati, sekunde ya 2 na nusu hivi, unaona majani mekundu kama mzuka juu ya matawi matupu, picha mbili zimepakwa juu ya nyingine, hakuna jani hata moja linaloanguka. Mwalimu wa jiografia hawezi kufundishia hicho. Kwahiyo kila klipu sasa naikagua hivyo hivyo, nasimamisha katikati nione badiliko linatokea kwa njia gani, kisha naweka fremu ya kwanza na ya mwisho pembeni nahesabu: miguu ya benchi, panda za shina, madirisha. Vikilingana napokea, visipolingana narudia, na nimerudia sana tu, krediti zimeniisha mara mbili.

Kimoja kimenishinda mpaka leo, majani yakishaanguka yanajaa chini kwenye nyasi halafu kabla theluji haijaanza yanayeyuka yenyewe kama barafu ya juani. Nimemwambia shemeji akifika pale aulize darasa swali wamwangalie yeye.