Kitufe cha shilingi kilivyotaka kunila elfu moja

Ovaloki, cherehani ya kumalizia kingo za nguo, niliyoitaka niliipata Deira, Dubai, imebandikwa dirhamu 1,150. Nairobi nilikuwa nimeiulizia mashine kama hiyo nikaambiwa shilingi 46,000. Je, ya Dubai ilikuwa rahisi kweli?

Hesabu nilikuwa nayo daftarini. Dirhamu imefungwa kwa dola miaka mingi sasa: dola moja ni dirhamu 3.6725. Siku hizo dola ilikuwa kama shilingi 129 za Kenya. Gawanya, unapata shilingi 35.1 kwa dirhamu moja. Hicho ndicho kiwango cha katikati, kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia pesa. Dukani kwa wabadilishaji hupewi hicho. Wao hununua chini yake na kuuza juu yake, faida yao iko hapo. Lakini ndicho kipimo cha haki, maana hakijaongezwa cha mtu. 1,150 mara 35.1 ni 40,365. Mashine ilinilipa.

Nikatoa kadi. Keshia akaingiza bei, mashine ya kadi ikaleta vitufe viwili: AED 1,150.00 na KES 42,600.00. "Chagua shilingi, ndugu yangu, ujue kabisa unachokatwa," akanishauri kwa upole. Kidole kilikuwa kishafika. Nikakizuia, nikagawanya kwa simu: 42,600 kwa 1,150 ni 37.04. Karibu shilingi mbili zimepandishwa kwa kila dirhamu, jumla 2,235 juu ya kipimo changu. Anayebadilisha pesa hapo si benki yangu, ni mwenye mashine ya dukani na washirika wake, na kiwango wanajipangia wenyewe. Ni kweli unajua utakatwa ngapi, ila kujua huko unakulipia.

Nikabonyeza AED. Risiti nikaisoma kabla ya kuondoka, kwa sababu wako makeshia wanaokubonyezea shilingi wenyewe. Ukikuta KES kwenye risiti, omba muamala ufutwe urudiwe papo hapo. Ukishafika nyumbani utahangaika.

Sasa msidhani kwa dirhamu nililipa 40,365. Mtandao wa kadi una kiwango chake, kilicho karibu na cha katikati, kisha benki yangu huongeza asilimia yake kwa matumizi ya nje. Ada hiyo imo kwenye orodha ya tozo za benki, na kusema kweli sikuwahi kuisoma kabla ya safari. Ujumbe wa kwanza wa simu ulikuwa makadirio tu. Siku tatu baadaye taarifa ya akaunti ikaonyesha 41,490. Kuliko ile 42,600 ya kitufe cha shilingi, nimeokoa 1,110.

Nikagawanya tena: 36.08. Nimeiandika daftarini chini ya ile 35.1. Kwa kadi hii, hadi dola isogee, bei ya Dubai nazidisha kwa 36.