Sura ya tatu imenikesha

Jana usiku mdogo wangu kaniletea sura ya tatu, ile ya mbinu, ya utafiti wake wa mwani wa Paje, Unguja, eti niipitie haraka tu, kumbe supavaiza kairudisha kaandika pembeni "umefanya au utafanya?" 😂 Aya ya kwanza "sampuli zitachukuliwa", ya pili "nilipima", ya tatu "tunakausha". Nikajua tu kakopi propozali, kule "ta" ni sawa maana kazi bado, ila hii kazi ishaisha zamani. Tukageuza vitendo vyote viwe "li", lakini "Paje iko pwani ya mashariki" tukaiacha vile vile, kwani kijiji kimehama?

Sasa shughuli ikawa sentensi moja, "mwani ulikaushwa vizuri kisha ukapimwa". Nkamwambia mie nataka kurudia kazi yako, nikaushe vipi, juani au kwenye oveni? Akasema oveni, nyuzi 60, masaa 24, halafu alikuwa anapima, anarudisha, anapima tena mpaka uzito haushuki. Yakhe, si ndo uandike hivyo hivyo! Mwani ukibaki na maji kidogo tu uzito unakudanganya, na mwengine akikausha kwa masaa machache atapata namba nyengine kabisa halafu mkae mnabishana.

Na uliusuuza kwa maji baridi, yaani si ya bahari, kutoa chumvi kabla ya oveni? Kimyaa. Mara "nadhani zile za mwanzo sikusuuza". Saa saba usiku hiyo, tukaanza kufukua daftari lake la maabara.