Nilivyokadiria nguvu ya mwamba wenye mipasuko

Nilipopewa kazi ya kukagua ukuta wa mita 60 katika mgodi wa wazi, Kanda ya Ziwa, nilikuta hesabu ya awali imefanywa kwa mstari mnyoofu wa Mohr-Coulomb, yaani mshikamano mmoja na pembe moja ya msuguano kwa mwamba wote. Andesaiti ile ilikuwa imekatwakatwa na mipasuko kuwa mabonge makubwa kama debe, na nyuso za mipasuko zilikuwa na kutu ya manjano. Nilirudia hesabu kwa kanuni ya Hoek na Brown, iliyotolewa mwaka 1980 na kuboreshwa mwaka 2002:

```
s1 = s3 + sci*(mb*s3/sci + s)^a
mb = mi*exp((GSI-100)/(28-14*D))
s  = exp((GSI-100)/(9-3*D))
```

Hapa `s1` ni mkazo mkubwa kabisa ambao mwamba unaweza kuhimili, `s3` ni mgandamizo wa pembeni, na `mb` na `s` hukokotolewa kwa mistari miwili ya chini. Kanuni inahitaji vitu vinne. Nguvu ya jiwe zima, `sci`, ilitoka maabara: megapaskali 90. Kwa `mi`, ambayo hutegemea aina ya jiwe, nilichukua 25, thamani ya kawaida ya andesaiti. `GSI`, kipimo cha ubora wa mwamba wenye mipasuko, huamuliwa kwa macho, kwa kutazama ukubwa wa mabonge na hali ya nyuso zake. Niliandika 45, nikijua kuwa mwenzangu angeweza kusema 40 au 50. Kiasi cha uharibifu wa baruti, `D`, kilikuwa 1, kwa kuwa ukuta ulilipuliwa kwa milipuko mikubwa ya uzalishaji. Kipeo `a` hutokana na `GSI`, na hapa kilikuwa 0.508.

Matokeo yalionyesha mkunjo wazi. Pasipo mgandamizo wa pembeni mwamba ulihimili megapaskali 0.85 tu, kwa mgandamizo wa 0.2 ulihimili 3.15, kwa 1 ukafika 7.4, na kwa 5 ukafika 19.5. Karibu na uso wa ukuta mstari wa nguvu hupanda kwa pembe ya msuguano ya digrii 57 hivi, lakini kati ya 1 na 5 hubaki digrii 30. Aliyenitangulia alichora mstari wake kupitia sehemu hiyo ya juu, na ukirudishwa hadi sifuri unatoa 4.4, mara tano ya nguvu iliyopo. Kosa hilo hulala palepale ambapo ukuta huanza kubomoka, kwa hiyo ukilazimika kutumia mstari, uulinganishe na kiwango cha mgandamizo kilichopo ukutani. Kwangu kilikuwa sifuri hadi 1.3 hivi.

Nilijaribu pia `D` ya sifuri, na 0.85 ikawa 4. Ndiyo maana niliitumia 1 kwenye ukanda uliotikiswa na baruti tu, huku mwamba wa nyuma zaidi ukibaki na sifuri. Upande wa mashariki, ambako mpasuko mmoja mrefu uliinamia shimoni, sikutumia kanuni hii kabisa, kwa kuwa inachukulia mwamba una nguvu sawa kila upande. Huko nilipima msuguano wa mpasuko wenyewe.