Nilivyouza mayai bila kuharibu kazi

Mi ni stoo kipa hapa Dar, nilianza kuuza mayai ofisini kimyakimya, bosi akaniita mkataba unasema kazi nyingine mpaka ruhusa ya maandishi. Nikaandika barua HR: sina mteja anayeshindana na kampuni, siuzi saa za kazi. Wakakubali, nikabaki na kopi. Mzigo sasa nasambaza Jumamosi tu.

Shida ikabaki hela, mtaji unayeyuka na mshahara. Nikatenga laini ya biashara. Trei 40 kwa 7,500 ni laki tatu, nauza 9,000, moja ikivunjika (haikosi!) napata 351,000, toa boda 10,000, inabaki faida 41,000. Laki tatu siigusi, hata kodi ikibana.