Siku moja maishani mwangu: picha ya fremu imepotea, mzinga namba 4 unanitia hofu

Saa 11 alfajiri. Niko macho kabla ya adhana, nikitafuta picha kwenye simu ya mpwa wangu. Jumapili jioni tulifungua mzinga namba 4 kule shambani Kimbiji, nikashika fremu naye akapiga. Nilitaka kumtumia picha hiyo Mzee wa Kisarawe aliyenifundisha kufuga nyuki. Kumbe jana kijana alifuta picha zote ili simu ipate nafasi. Sikumgombeza, kwa sababu mimi ndiye niliyechelewa kuituma.

Nikakaa kitandani na daftari, nikaandika nilichokumbuka kabla hakijafifia. Nilianza na mahali: fremu ya tatu kutoka kushoto, ukiwa umesimama nyuma ya mzinga, upande unaotazama katikati. Juu kulikuwa na asali iliyofunikwa kwa nta, upana wa vidole vitatu. Chini yake chavua nyingi ya njano na kahawia, yenye uso unaong'aa kama iliyopakwa asali. Katikati, mahali majana, yaani watoto wa nyuki, yanapotakiwa kukaa yamebanana, kulikuwa na eneo la viganja viwili lililotawanyika: seli mbili zimefunikwa, tatu tupu, moja imefunikwa, nne tupu. Vifuniko vyenyewe vilikuwa vimetuna.

Saa 2 asubuhi. Pantoni, kisha mjini. Nilipeleka chupa kumi na mbili za asali kwa wateja wangu wawili wa Kariakoo na kurudi. Njia nzima niliwaza ugonjwa, maana majana yaliyotawanyika ndiyo dalili ya kwanza tuliyofundishwa kuiogopa.

Saa 6 mchana. Nimefika nyumbani Kibada, nikampigia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyuki hawajambo?"

Nikamsomea daftari lote. Alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha akaanza kuuliza.

"Vifuniko vimetuna au vimedidimia?"

Vimetuna, kama ncha ya kidole, na vikavu.

"Kuna vilivyotobolewa? Harufu je?"

Hakuna, na harufu ni ya nta tu. Akaniambia majana yanayooza vifuniko vyake huloa, hudidimia na kutoboka, na ukichokoa seli kwa njiti ya kiberiti hutoka uteute wa kahawia unaovutika kama uzi. Nikiwa na shaka nichokoe seli tatu leo. Ila kifuniko kilichotuna kwenye seli ndogo ya nyuki mfanyakazi kina maana nyingine: ndani yake kuna dume, na dume ni mkubwa kuliko chumba alichowekwa.

"Sasa niambie mayai. Mangapi kwenye seli moja, na yamekaa wapi?"

Hapo nilikwama. Sikuyaangalia. Nikamwambia labda picha ingeonyesha.

"Picha ya simu kutoka mkono mmoja si rahisi ionyeshe yai, mwanangu. Yai ni jembamba kama uzi wa kushonea. Hilo utaliona wewe mwenyewe, jua likiwa mgongoni kwako."

Akanieleza kwa nini anang'ang'ania mayai. Madume hutoka kwenye mayai yasiyorutubishwa, na yanaweza kutagwa na mama wawili tofauti. Wa kwanza ni malkia aliyeishiwa mbegu, au ambaye hakupandwa vizuri. Huyo hutaga yai moja moja, chini kabisa katikati ya seli, na majana yake hukaa pamoja hata kama yote ni madume. Wa pili ni nyuki wafanyakazi wenyewe, ambao huanza kutaga malkia akikosekana na majana machanga yakiisha. Fumbatio lao ni fupi, halifiki chini ya seli, kwa hiyo mayai hubandikwa ukutani. Na kwa kuwa wanaotaga ni wengi, seli moja hukutwa na mawili, matatu, hata zaidi. Malkia mpya naye anaweza kutaga mawili kwa siku chache za mwanzo, lakini yake huwa chini.

"Na seli ya malkia, uliiona?"

Niliiona moja pembeni mwa sega, kavu, imening'inia kama karanga. Imefunguka nchani, na kifuniko kinaning'inia.

"Basi malkia alitoka. Angeuawa humo ndani, ingetobolewa ubavuni."

Tukahesabu pamoja. Daftari linasema nilikagua mzinga huu wiki 5 zilizopita, mayai yakiwa mazuri, na siku hiyo fremu moja iliniponyoka. Huenda nilimbana malkia. Nyuki wakichagua buu changa siku hiyohiyo, malkia mpya hutoka baada ya siku 12 hivi. Mpe siku kumi au zaidi kidogo akomae, aruke, apandwe na aanze kutaga. Kufikia leo, siku ya 35, fremu ingekuwa imejaa majana ya wafanyakazi yenye vifuniko bapa. Malkia huyo hakurudi. Mzee anawashuku keremkerem, ambao msimu huu wamejaa kwenye waya za umeme karibu na shamba langu.

Saa 11 jioni. Shambani Kimbiji. Nyuki wetu wa pwani siwafungui mchana, ni wakali na majirani wapo. Nikawasha bomba la moshi kwa makumbi ya nazi, mpwa wangu akashika tochi.

Kabla ya kufungua nilisikiliza. Mzinga namba 5 ulivuma kidogo nilipopuliza moshi, ukatulia. Namba 4 uliunguruma mfululizo, sauti ndefu isiyokoma, na nyuki walikuwa wanakimbia juu ya fremu bila mpango. Walifunika fremu nne tu kati ya kumi.

Nikageuka, jua mgongoni, nikainamisha sega. Mayai mawili ukutani. Seli ya pili, matatu, moja limelala juu ya jingine. Ya tatu, moja, nusu ya kwenda chini. Nilikagua seli ishirini, sikukuta hata moja yenye yai moja lililosimama chini katikati. Nikachokoa seli tatu kwa njiti: madume meupe, mazima, hakuna uteute. Hofu ya ugonjwa ikanitoka, ila huzuni ilibaki, kwa sababu kundi hili nilililea tangu likiwa bumba dogo kwenye mkorosho.

Nikampigia tena. Kununua malkia na kumtia humo ni kumtuma kuuawa, alisema, maana nyuki hawa wanajiona wana mama. Njia moja ni kuwapa kila wiki fremu ya mabuu machanga kutoka mzinga mwingine, wiki tatu mfululizo, mpaka harufu ya mabuu izuie wafanyakazi kutaga na waanze kujenga seli za malkia. Lakini hilo linataka kundi lenye nyuki wa kutosha kulea. Fremu nne za nyuki wanaozeeka hazitoshi.

Saa 12 na nusu. Tukaunganisha. Namba 5 una nguvu na malkia wake anataga vizuri. Nikaondoa mfuniko wake, nikatandaza ukurasa mmoja wa gazeti la jana, nikautoboa kwa msumari mahali sita. Lile sega la madume nilikuwa nimelikata na kulitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Boksi la namba 4 likakaa juu ya gazeti, nyuki wote wakiwa wamesharudi ndani. Watalitafuna karatasi kwa siku chache huku harufu zikichanganyika, na wakikutana watakuwa wamezoeana. Stendi ya namba 4 tuliiondoa kabisa, ili kesho asubuhi asiwepo wa kurudi pale.

Saa 3 usiku. Kibada. Ukurasa mpya wa daftari una mistari mitano ambayo nitaijaza kila nikifungua mzinga: fremu ya ngapi na upande gani, vifuniko bapa, vimetuna au vimedidimia, mayai mangapi na yamekaa wapi, asali na chavua, sauti. Jumapili nitainua boksi la juu kuona kama gazeti limetoboka, na kutafuta mayai chini.